Betri ya Bomba Hufia Ghalani

Katikati ya Aprili, mvua za masika zilipokwisha kushika katika mashamba ya Muheza, na magugu pamoja na ukungu wa majani vikaanza kushindana na mkulima nani atamtangulia mwenziwe, jirani yangu mmoja alinijia barazani amebeba bomba lake la kupulizia dawa, la lita 16, lile la kuchaji ambalo wakulima wengi wa nyanya na matango wamelipenda kwa sababu limewaondolea kazi ya kupampu kwa mkono kutwa nzima. Alilitua chini, akaketi, akanieleza kisa chake kwa unyenyekevu wa mtu asiyejua kama alaumu chombo au ajilaumu mwenyewe. Bomba lilipokuwa jipya, alisema, chaji moja ilimtosha kupulizia bomba 12 bila ya wasiwasi. Sasa halifikishi 3 kabla ya mlio wake kuwa mzito na dawa kudondoka kama mate badala ya kutoka kama ukungu. "Na la ajabu, fundi," akaongeza, "zamani chaja ilikaa na taa nyekundu usiku kucha, safari hii imegeuka kijani kwa dakika 40. Nikadhani betri imepata nguvu mpya kwa kupumzika."

Katika maneno hayo machache mlikuwamo ugonjwa wote na dalili zake, na msomaji aliyewahi kumiliki bomba la namna hiyo hapana shaka amekwisha kuyatambua. Betri iliyopumzika miezi minne haikupata nguvu yoyote. Ilikuwa ikifa polepole pale ilipowekwa, na taa ya kijani iliyowaka upesi haikuwa bishara ya afya, bali ilikuwa ithibati ya maradhi.

Lakini insafu inataka kwamba mshitakiwa asihukumiwe kabla ya kusikilizwa, maana si kila bomba linalochoka mapema limeharibikiwa betri. Bomba hizi zina mota ndogo yenye kiwambo cha mpira kinachovuta na kusukuma maji, na dawa ikiachwa kukauka ndani yake, vali hukwama na kiwambo huwa kigumu, hata mota ikala umeme mwingi kuliko haki yake. Kadhalika nozeli iliyolika tundu hupitisha maji mengi mno, hata ile swichi ya mgandamizo, ambayo kazi yake ni kuizima mota kila dawa inapojaa katika mpira, isipate nafasi ya kuizima hata mara moja. Na ncha za betri zilizoota kutu ya kijani kwa mvuke wa dawa huzuia umeme njiani, mota ikashinda na njaa ilhali betri ina akiba. Njia nyepesi ya kutenganisha makosa haya ni kuazima betri nzima ya volti 12 ya pikipiki, kulijaza bomba maji matupu, na kuliunga kwa waya fupi nene, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Bomba likilia sawasawa na kurusha maji kwa nguvu zake za zamani, betri yake ndiyo yenye taksiri. Likiendelea kukoroma, kosa litafutwe kwenye chujio, nozeli, waya au mota, na fedha ya betri mpya ibaki mfukoni. Bomba la jirani yangu, lilipoungwa kwa betri ya pikipiki ya mwanawe, lilirusha maji hata yakatulowesha sote wawili.

Betri iliyomo ndani ya bomba la namna hii aghalabu ni ya risasi na asidi, iliyozibwa, yenye volti 12 na ujazo wa ampea-saa 8, kama yasemavyo maandishi ya ubavuni mwake. Asili yake ni ile ile aliyoivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859: mabamba ya risasi yamezamishwa katika asidi ya salfa, na kila umeme unapotoka, asidi hujiunga na risasi, na juu ya mabamba yote mawili, la chanya na la hasi, hutanda tabaka nyembamba ya chumvi nyeupe iitwayo salfeti ya risasi. Betri inapochajiwa, umeme huivunja chumvi hiyo, risasi ikarudi kuwa risasi na asidi ikarudi kuwa asidi. Tafauti ya betri iliyozibwa na zile kubwa za magari ya zamani ni kwamba asidi yake haimwagiki, maana imenyonywa na kitambaa cha nyuzi za kioo kilichobanwa baina ya mabamba, na hewa inayozaliwa wakati wa kuchaji hurudi kuwa maji humo humo ndani. Ndiyo sababu haina vifuniko vya kuongezea maji, na ndiyo sababu maji yake yakipotea mara moja hayana marejeo.

Sasa nadhari ielekezwe kwenye ile chumvi nyeupe, kwa kuwa ndiyo mhalifu wa kisa hiki. Ikiwa mpya, chembe zake ni ndogo kama unga, na umeme wa chaja huzivunja bila ya shida. Ikiachwa siku nyingi bila ya kuchajiwa, chembe ndogo huyeyuka na kujiunga na chembe kubwa, zikakomaa kama chumvi ya mawe, na chembe kubwa za namna hiyo hazivunjiki upesi. Zinafunika uso wa bamba, zinaziba vitundu vyake, na zinalinyima bamba nafasi ya kufanya kazi. Betri yenye maradhi haya haikupungukiwa na risasi wala asidi. Mali yake yote imo ndani, lakini imefungwa katika kasha ambalo ufunguo wake umepotea. Joto huharakisha kukomaa huko, na kadiri betri inavyolala ikiwa imekaribia kuwa tupu, ndivyo chumvi inavyokuwa nyingi na nafasi ya kukomaa inavyokuwa kubwa.

Na hapa ndipo taa ya kijani inapotoa ushahidi wa uwongo. Chaja haina macho ya kutazama ndani ya betri. Inajua mambo mawili tu, yaani volti zilizopo kwenye ncha na ampea zinazoingia. Betri nzima iliyo tupu hupokea umeme kwa pupa, volti zake zikapanda polepole kwa saa nyingi, na mwisho, inapokaribia kushiba, zikafika kwenye 14.4 au 14.7, ampea zikaanza kupungua. Chaja ikiona ampea zimekwisha kuwa chache hujisemea kwamba mgeni ameshiba, ikawasha kijani. Betri iliyozibwa na chumvi ngumu nayo hukataa umeme, walakini kwa sababu tafauti kabisa: haikushiba, bali koo lake limebana. Volti zake hupaa juu kwa dakika chache, ampea zikashuka, na chaja, isiyoweza kumpambanua aliyeshiba na aliyeshindwa kumeza, ikawasha kijani kile kile. Kwa hiyo mkulima achukue kanuni hii: betri ya ampea 8 iliyomaliza kazi ya siku, ikiwekwa kwenye chaja ya kawaida ya ampea moja na nusu, haiwezi kujaa chini ya saa 5, na ukamilifu wake hutaka saa 8 au zaidi. Kijani kinachokuja kabla ya saa moja kwa betri iliyokuwa tupu ni kilio cha betri.

Nilimwuliza jirani yangu bomba lililala wapi na katika hali gani. Alilitumia mara ya mwisho katikati ya Desemba, akimalizia nyanya za vuli. Siku hiyo, kwa maneno yake, liliishia kukoroma, akaona hapana haja ya kulichaji maadamu kazi imekwisha, akalitundika katika banda la mabati pamoja na majembe na madumu. Nikamfanyia hesabu kwa kidole mchangani. Bomba linalokoroma betri yake imebakiwa na kama sehemu moja katika tano ya nguvu zake. Betri ya risasi iliyozibwa, hata isipoguswa na mtu, hupoteza kiasi cha asilimia 3 kila mwezi ikiwa mahali penye nyuzi 25 za joto, na kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka upotevu huo hukaribia kuzidi mara mbili. Banda la mabati wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hata Machi, mchana huzipita mbali nyuzi 25. Tukilikadiria kwa wastani wa 35, betri ilikuwa ikipoteza asilimia 6 kila mwezi, na kwa miezi minne jumla yake ni 24. Aliweka 20, zikatoka 24. Alhasili betri ilifika chini kabisa kabla ya masika, ikakaa pale, uchi mbele ya chumvi yake, katika joto la mwaka lililo kali kuliko yote. Nilipoipima kabla ya yeye kuichaji tena, baada ya kuimaliza kwa zile bomba 3 na kuipumzisha, mita ilionyesha volti 11.3, ilhali betri nzima iliyojaa na kupumzika usiku mmoja huonyesha 12.8 au zaidi kidogo, na ile ya nusu huonyesha kama 12.2.

Kuna hila nyingine ya ghalani ambayo jirani yangu hakuwa nayo, lakini nimeiona kwa wengine, nami naitaja kwa kuwa inadanganya hata watu makini. Mtu anamaliza kupulizia, anaachilia kifyatuo, bomba linanyamaza, anadhani amelizima. Kumbe aliyeizima mota ni ile swichi ya mgandamizo, na swichi kubwa ya pembeni ingali imewashwa. Ile saa ndogo yenye tarakimu nyekundu inayoonyesha volti inaendelea kuwaka gizani wiki baada ya wiki. Saa ya namna hiyo ikila hata sehemu 15 tu katika elfu ya ampea moja, kwa siku 22 imekwisha kuinywa betri ya ampea 8 yote, na haitosheki hapo, bali huendelea kukamua hata chini ya mpaka ambao betri ingejiponya. Kwa hiyo kuzima swichi hakutoshi kwa kulala kwa muda mrefu. Ni afadhali kufungua kifuniko cha chini na kuchomoa waya mmoja wa betri.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Kabla ya kumtibu yapasa kujua kiasi cha nguvu alizobakiwa nazo, na kwa kipimo hiki mita ya volti peke yake haitoshi, kwa sababu betri yenye chumvi ngumu yaweza kuonyesha 12.7 baada ya kuchajiwa na bado ikawa kama mtungi uliojaa mchanga nusu: maji yamefika mdomoni, lakini ni machache. Kipimo cha kweli ni kuifanyisha kazi na kuhesabu muda. Mimi hutumia balbu ya gari ya wati 21, ile ya taa ya breki, inayokula kama ampea moja na robo tatu. Betri huchajiwa hata kijani, huachwa ipoe, huungwa balbu, na saa huangaliwa hata volti zifike 10.5 balbu ikiwa ingali inawaka. Hapo huondolewa mara moja. Betri mpya ya ampea 8 huwasha balbu hiyo kwa saa tatu na nusu hivi au karibu na nne. Haifiki saa nne na nusu kama hesabu ya maandishi yake ingetaka, kwa sababu ujazo ulioandikwa ubavuni hupimwa kwa kuitoa nguvu polepole kwa muda wa saa 20, na anayeitoa kwa haraka hupata pungufu. Ya jirani yangu iliwasha balbu kwa dakika 50.

Dakika 50 ni chini ya robo, na mafundi wengi wangemwambia akanunue nyingine. Lakini betri yake ilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu, haikuvimba ubavu, na volti zake baada ya kuchajiwa zilipumzika juu ya 12.5. Alama hii ya mwisho ina maana kubwa. Ndani ya betri mna vyumba sita, kila kimoja kinatoa zaidi kidogo ya volti mbili; kimoja kikifa kwa mabamba yake kugusana, zilizobaki ni tano, na mita huganda kwenye 10.5 hivi hata betri ikichajiwa siku nzima, na upande mmoja wake hupata joto. Betri ya namna hiyo haina tabibu. Ya jirani yangu haikuwa hivyo. Vyumba vyote sita vilikuwa hai, ila vimeziba.

Tiba yake ni subira. Nina chaja ya mezani ambayo volti na ampea zake hupangwa kwa kuzungusha vitufe. Nikaipanga kwenye volti 14.5 na kuizuia isipitishe zaidi ya ampea 0.8, yaani sehemu moja katika kumi ya ujazo. Katika nchi za baridi wangepanga 14.7, lakini joto letu linataka kupunguziwa kidogo, kiasi cha sehemu 3 katika mia ya volti kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Saa ya kwanza betri ilipokea sehemu 5 tu katika mia ya ampea moja, kiasi ambacho chaja ya kawaida ingekwisha kukata tamaa zamani. Nikaiacha. Ilipofika usiku ilikuwa inapokea 0.3, na alfajiri iliyofuata ilifika 0.7, ishara kwamba chumvi imeanza kulegea na uso wa mabamba kufunguka. Kisha, kama inavyopasa, ampea zikaanza kushuka tena, safari hii kwa kushiba kwa kweli, na jioni ya siku ya pili zilikuwa 0.1. Muda wote huo nilikuwa naigusa kwa kiganja. Betri ikipata joto lisilovumilika mkononi, chaja hutolewa bila ya kujadiliana. Kisha nikaiunga balbu hata 10.5, nikairudisha kwenye chaja saa ile ile, na nikarudia mzunguko huo mara tatu. Mara ya tatu iliwasha balbu kwa saa 2 na dakika 20.

Asiye na chaja ya mezani aweza kujaribu kwa ile iliyokuja na bomba: taa ikigeuka kijani aichomoe, aipumzishe betri saa moja, airudishe, na aendelee hivyo kutwa moja au mbili, nyingine huitikia na nyingine hukataa. Lakini nawatahadharisha na dawa mbili za mitaani. Ya kwanza ni kuiunga betri hii ndogo na betri ya gari au chaja kubwa ya gereji ili "ishtuke". Betri ya ampea 8 haitaki kupokea zaidi ya ampea 2 au mbili na kitu, na kinachozidi hapo huipika. Ya pili ni kung'oa kifuniko cha juu na kutia asidi. Maradhi si upungufu wa asidi. Asidi imo, imefungwa katika chumvi, na anayeongeza nyingine huharakisha kuozesha mabamba, mbali na hatari ya macho yake. Maji safi ya betri, matone machache katika kila chumba, yaweza kuisaidia betri iliyokaushwa kwa kuchajiwa kupita kiasi, lakini hayo ni maradhi ya kinyume, nayo yana chanzo chake.

Chanzo hicho ni chaja isiyojua kuacha. Siku hizi wakulima wengi walio mbali na umeme wa gridi huchaji mabomba yao kwa paneli ya sola, na baadhi yao huunga waya za paneli moja kwa moja kwenye betri, kwa kuwa paneli imeandikwa 12 na betri imeandikwa 12. Walakini paneli iitwayo ya volti 12 hutoa 18 ikiwa kazini na kupita 20 ikiwa haina mzigo. Mchana mmoja wa namna hiyo betri huvumilia, mwezi mmoja hupoteza maji yake kwa mvuke kupitia vali, na hukauka. Kidhibiti kidogo cha sola kilichowekwa baina yao huondoa balaa hilo. Na upande wa pili kuna chaja zinazotoa pungufu: zipo zinazosimama kwenye volti 13.8, ambazo zafaa kwa betri inayokaa imeungwa mwaka mzima lakini hazimalizi kuishibisha ya bomba kwa usiku mmoja. Na mbaya zaidi ni chaja ya volti 12.6 iliyotengenezwa kwa bomba za betri ya lithiamu, ambayo plagi yake yaweza kuingia bila ya kikwazo kwenye bomba la risasi. Betri ya risasi ikichajiwa kwa hiyo haijai hata siku moja, na mwenyewe huona kijani kila asubuhi. Nayo chaja ya risasi isithubutu kuungwa kwenye lithiamu, maana huko hofu yake ni moto. Mwenye shaka aiweke mita kwenye ncha za betri mwisho wa kuchaji, kabla kidogo ya kijani: akiona baina ya 14.4 na 14.7 atulie; akiona 13.8 aongeze saa; akiona 15 na kupanda aitoe.

Katika kuchaji kuna dhana moja ya kurithi ambayo imeua betri nyingi kuliko wezi wa betri, nayo ni kwamba betri lazima imalizwe kabisa kabla ya kuchajiwa, isije ikazoea nusu. Dhana hii ilitoka kwenye betri za nikeli za redio na simu za zamani, na huko ilikuwa na ukweli kiasi. Kwa betri ya risasi ni kinyume chake. Betri ya namna hii ikimalizwa kabisa kila mara huvumilia mizunguko kama 200 hivi. Ikiishia nusu hufika mara mbili ya hiyo au kupita. Kwa hiyo mkulima aliyepulizia bomba 4 tu leo na ana 4 nyingine keshokutwa, aichaji leo hii jioni, akisha kuiacha ipoe kwa kuwa imetoka juani, na asingoje ikorome. Na shambani, mlio wa bomba unapoanza kushuka, hapo ndipo pa kuacha. Kulazimisha bomba moja la mwisho kwa kuzungusha kitufe cha kasi hata mwisho ni kukopa kwa riba kubwa.

Kuhusu mahali pa kulala, nilimwambia jirani yangu asilitie bomba zima ndani ya nyumba, kwa sababu hata likioshwa mara tatu lina mabaki ya sumu, na watoto hulala humo. Betri peke yake ndiyo iingie: kifuniko cha chini kifunguliwe, waya zichomolewe, betri ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ikaushwe, ichajiwe hata ishibe, na iwekwe wima mahali penye kivuli na hewa. Kama ni juu ya sakafu ya saruji hakuna neno, ingawa wazee wetu walizikataza betri kuguswa na saruji. Katazo hilo lilikuwa la haki zama za makasha ya mbao na mpira yaliyovuja, lakini plastiki ya leo haipitishi umeme sakafuni. Kisha kila baada ya miezi miwili, au kila mwezi wakati wa kaskazi, ipimwe. Ikiwa chini ya 12.5 irudishwe kwenye chaja usiku mmoja. Hiyo ndiyo kazi yote.

Saa 2 na dakika 20 za balbu ni kama sehemu 6 katika 10 za nguvu za ujana wake, na kwa bomba ni kama 7 kwa chaji moja. Haitarudi kufika 12, nami sikumwahidi hivyo. Sehemu ya chumvi ile imekomaa kwa kudumu. Lakini shamba lake ni la nusu ekari, na bomba 7 zinamtosha asubuhi nzima, kwa hiyo fedha ya betri mpya ameiweka kwa mbegu za vuli. Nilimpa hukumu yake kwa kipimo kile kile: siku balbu itakaposhindwa kufika saa moja na nusu baada ya mizunguko mitatu, asiitibu tena, na asiitupe kichakani wala kuizika shambani, bali aipeleke kwa wanunuzi wa betri mbovu, maana risasi yake ina bei na udongo wake una nyanya.

Betri yenyewe sasa imelala juu ya kabati chumbani kwake, imebandikwa karatasi yenye tarehe na volti kwa kalamu ya wino. Nawe msomaji, ukiwa na bomba lililotundikwa tangu msimu uliopita, litungue leo, uchomoe waya, uipime betri yake, na ukiikuta chini ya 12.5 ichaji usiku huu huu.